Barua ya Kupunguzwa Kazi: Inavyopaswa Kusomeka

Mkazi anapokabidhiwa barua inayosema nafasi yake ya kazi imeondolewa, jambo la kwanza ni kuangalia tarehe. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri kutoa taarifa ya nia yake angalau mwezi mmoja mapema, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Taarifa hiyo huenda kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi ikiwa si mwanachama. Nakala lazima imfikie afisa wa leba wa eneo hilo.

Hiyo bado si barua ya kuachishwa kazi. Katika kesi ya wafanyakazi wa Kenya Airways, iliyoamuliwa mwaka 2014, Mahakama ya Rufaa ilitofautisha taarifa ya nia na notisi ya kumwachisha mtu kazi. Muda wa taarifa ya kwanza ni wa mashauriano: je, kuna njia ya kuepuka upunguzaji, na kama haipo, nani abaki? Barua ikija leo na kusema leo ndiyo siku ya mwisho, kasoro inaonekana hapo hapo, hata kama mwajiri atalipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule huku Kawangware. Aliajiriwa tarehe 1 Novemba 2018, na mshahara wake ni shilingi 23,400 kwa mwezi. Karakana imepoteza oda na inafunga zamu ya usiku. Taarifa ya nia aliipokea tarehe 29 Mei 2025. Baada ya mashauriano, alipewa notisi ya mwezi mmoja tarehe 30 Juni, na siku yake ya mwisho kazini ikawa 31 Julai.

Sababu katika barua yake haiwezi kuwa "hali ngumu ya uchumi" pekee. Itaje kilichobadilika, yaani zamu iliyofungwa, na ieleze kwa nini amechaguliwa yeye. Sheria inataka mwajiri apime muda ambao kila mfanyakazi amehudumu, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwake. Ikiwa wiki mbili baadaye mtu mwingine ameajiriwa kufanya kazi ile ile, sababu hiyo inatiliwa shaka.

Sasa hesabu. Malipo ya kuachishwa kazi ni angalau ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Fundi wetu amefanya miaka 6 na miezi 9, kwa hivyo inahesabiwa miaka 6. Mshahara ukigawanywa kwa siku 30, siku moja ni shilingi 780, na jumla ni 780 × 15 × 6, yaani shilingi 70,200. Ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 900 na jumla inakuwa 81,000. Tofauti ni shilingi 10,800. Njia zote mbili hutumika, hivyo aombe barua ionyeshe kigawanyo, kisha akilinganishe na mkataba wake au makubaliano ya chama.

Juu ya fedha hizo, anadai mshahara wa Julai na siku za likizo ambazo hakuchukua. Asikubali kuambiwa kwamba michango ya NSSF imechukua nafasi ya malipo hayo. Michango ni akiba yake ya uzeeni. Pia anastahili cheti cha utumishi.

Kuhusu rufaa, kifungu cha 40 hakimlazimishi mwajiri kuunda kamati ya ndani. Barua ikitaja rufaa ya ndani, aiandike ndani ya siku zilizotajwa na abaki na nakala iliyopigwa muhuri au kutiwa saini ya kupokelewa. Lakini asiisubiri hadi muda mwingine upite: malalamiko kwa afisa wa leba hupelekwa ndani ya miezi 3 tangu kuachishwa kazi, kwa fundi huyu kufikia 31 Oktoba 2025. Madai mahakamani yana kikomo cha miaka 3. Mahakama ikiona hakutendewa haki, inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Ikumbukwe kwamba masuala ya leba ni ya serikali ya kitaifa. Afisi ya wadi inaweza kukuelekeza, lakini anayepokea malalamiko ni afisa wa leba. Nenda ukiwa na barua zote mbili, mkataba, hati za mshahara na kitambulisho. Ukiombwa kutia saini kwamba huna dai lolote tena, hesabu fedha kwanza.