Katikati ya Sentensi ya Kijerumani: Wakati, Namna, Mahali, na Makazi ya Viwakilishi

Kila mwanafunzi aliyepata kujifunza Kijerumani amekaririshwa kanuni moja fupi: katikati ya sentensi hutangulia wakati, hufuata namna, kisha mahali. Kanuni hiyo ni nyepesi kukumbuka, na aghalabu humfikisha mwanafunzi salama. Lakini mwandishi wa makala haya, katika miaka yake ya kwanza ya kufundisha, aliwahi kuitumia kumkosesha mwanafunzi alama kwa sentensi iliyokuwa sahihi kabisa. Sentensi yenyewe ni hii:

(1) Er hat gestern in der Bibliothek fleißig gearbeitet.
(Jana alifanya kazi kwa bidii maktabani.)

Hapa mahali, yaani *in der Bibliothek*, pametangulia namna, yaani *fleißig*. Kwa mujibu wa kanuni ni kosa, na kalamu nyekundu ilipita. Hata hivyo Mjerumani anayesimulia tu yaliyotokea huupendelea mpangilio huu huu. Tukitaka kujua ni kwa nini, hatuna budi kuiacha kanuni kwa kitambo na kulitazama umbo la sentensi yenyewe.

Mabano mawili na uga ulio kati yake

Katika sentensi ya Kijerumani kitenzi hugawanyika mara nyingi sehemu mbili. Sehemu inayobeba nafsi, kama *hat* au *ist*, hukaa nafasi ya pili. Sehemu inayobeba maana, kama *gearbeitet*, hukaa mwishoni. Sehemu hizi mbili ni kama mabano, na yote yaliyo kati yake tutayaita uga wa kati. Desturi ya kuigawa sentensi katika nyuga ilipata nguvu kwa kitabu cha Erich Drach kilichotoka mwaka 1937, na waliomfuata waliiendeleza.

Ikiwa sentensi haina kitenzi kisaidizi, kama *Asha fährt morgen nach Moshi*, bano la kulia huwa tupu, lakini nafasi yake ipo. Kuithibitisha ni rahisi: igeuze sentensi iwe ya wakati uliopita, nayo itajazwa mara moja: *Asha ist gestern nach Moshi gefahren*. Basi tukumbuke kwamba kitenzi chenye maana, kwa Mjerumani, kinangoja kulia. Hapo ndipo penye ufunguo wa yote yafuatayo.

Kinachoshikamana na kitenzi hukaa karibu nacho

Mwanaisimu Otto Behaghel alieleza mwaka 1932 kwamba mambo yanayoshikamana katika fikra huwekwa pamoja katika sentensi pia. Tulinganishe lugha zetu mbili kwa kipimo hicho:

(2) Asha alikwenda Moshi kwa basi jana.
(3) Asha ist gestern mit dem Bus nach Moshi gefahren.

Msomaji aangalie kwamba sentensi ya (3) ni kama sura ya (2) katika kioo. Katika Kiswahili kitenzi kiko kushoto: kwanza *Moshi*, kisha *kwa basi*, kisha *jana*. Katika Kijerumani kitenzi kiko kulia, na tukihesabu kutoka kulia tunapata mpango ule ule: *nach Moshi*, *mit dem Bus*, *gestern*. Katika lugha zote mbili mwisho wa safari ndio unaogusana na kitenzi, kwa kuwa kwenda bila kujua uendako ni wazo lisilokamilika. Siku ya safari iko mbali zaidi, maana siku huweza kuongezwa juu ya tendo lolote.

Sasa tuirudie sentensi ya (1). Kwa Kiswahili tungesema: *Alifanya kazi kwa bidii maktabani jana*. Igeuze kama kioo, nawe utapata *gestern*, *in der Bibliothek*, *fleißig*, kisha *gearbeitet*. Ndio mpango wa mwanafunzi yule aliyekoseshwa alama. Maktaba si mwisho wa tendo la kufanya kazi, bali ni mandhari tu ya tendo hilo. Bidii, kinyume chake, inaueleza utendaji wenyewe, na kwa hiyo husogea karibu na kitenzi.

Kwa hiyo neno "mahali" katika kanuni yetu lina maana mbili zisizopaswa kuchanganywa. Mahali pa kuelekea, kama *nach Moshi* au *in die Schule*, huja mwisho wa uga. Mahali pa kutendea, kama *in der Bibliothek* au *im Garten*, huweza kutangulia namna, na mara nyingi hutangulia. Si kwamba *fleißig in der Bibliothek* ni kosa. Mjerumani huweza kusema hivyo, hasa akitaka mahali pasikike kuwa ndiyo habari yenyewe. La kukumbuka ni kwamba mpangilio wa (1) usihesabiwe kosa.

Mwalimu anayetaka kupima aina ya mahali atumie neno la kukanusha, *nicht*, ambalo ni kama mpaka katikati ya uga. Katika ukanushi wa kawaida, mahali pa kuelekea hubaki kulia kwake: *Asha ist gestern nicht nach Moshi gefahren*. Mahali pa kutendea huweza kubaki kushoto: *Er hat gestern in der Bibliothek nicht gearbeitet*. Ukiona *nicht* imetangulia mahali pa kutendea, yaani *nicht in der Bibliothek gearbeitet*, maana yake ni kwamba alifanya kazi, lakini si maktabani.

Viwakilishi hukimbilia kushoto

Ikiwa upande wa kulia ni makazi ya yale yaliyoshikamana na kitenzi, upande wa kushoto ni makazi ya yale yanayojulikana tayari. Hakuna kinachojulikana zaidi ya kile kinachotajwa kwa kiwakilishi tu, maana hatusemi "yeye" ila tumekwisha kumtaja. Tuanze na yambwa mbili zilizo nomino:

(4) Asha hat gestern dem Lehrer das Buch gegeben.
(Jana Asha alimpa mwalimu kitabu.)

Zikiwa nomino, yambwa tendewa (*dem Lehrer*) hutangulia kwa kawaida yambwa tendwa (*das Buch*). Sasa tuibadilishe moja moja iwe kiwakilishi:

(5) Asha hat ihm gestern das Buch gegeben.
(6) Asha hat es gestern dem Lehrer gegeben.
(7) Asha hat es ihm gestern gegeben.

Katika (5) na (6) kiwakilishi kimeruka *gestern* na kuegemea bano la kushoto, kiwe cha mtendewa au cha mtendwa. Wakati, uliodaiwa kuwa wa kwanza daima, umepitwa. Katika (7) viwakilishi vyote viwili vimeruka, na mpango wao umegeuka: yambwa tendwa *es* sasa imetangulia yambwa tendewa *ihm*. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu wamezoea mpango wa nomino. Basi tukariri hivi: nomino kwa nomino, mtendewa kwanza, kiwakilishi kwa kiwakilishi, mtendwa kwanza, kiwakilishi kwa nomino, kiwakilishi kwanza.

Tabia hii si ya Kijerumani cha leo pekee. Jacob Wackernagel alionyesha mwaka 1892 kwamba katika lugha za kale za jamii hiyo ya Kihindi-Kiulaya vijineno visivyo na mkazo vilipenda kukaa nafasi ya pili ya sentensi. Sisi nasi tunavyo vijineno kama hivyo, ila Kiswahili kimevimeza ndani ya kitenzi. Katika *alimpa*, ile *-m-* ndiyo *ihm* ya Kijerumani. Tofauti ni kwamba kitenzi chetu hupokea kiambishi kimoja tu cha yambwa, ilhali Kijerumani huweza kuviweka viwili sambamba. Ndiyo maana (7) hufasiriwa kwa Kiswahili *Asha alimpa jana*, na kitabu kikaachwa kieleweke.

Kuna mipaka miwili. Kwanza, kiwakilishi kilichoshikwa na kihusishi hakiruki. Twasema *Asha hat gestern mit ihm gesprochen*, kama tunavyosema kwetu *alizungumza naye jana*, wala si *alimzungumza*. Pili, vijineno vya mambo yasiyojulikana, kama *etwas* (kitu fulani), hubaki kulia: *Asha hat dem Lehrer etwas gegeben*. Hilo linathibitisha hoja yetu, kwani kisichojulikana hakina sababu ya kukimbilia kushoto.

Mfano mmoja hatua kwa hatua

Mwanafunzi anataka kusema kwamba Juma alimpelekea mama yake barua Tanga jana kwa posta. Mama na barua wamekwisha kutajwa, kwa hiyo atatumia viwakilishi *ihr* na *ihn*. Akifuata maneno ya Kiswahili yalivyopangwa, ataandika: *Juma hat geschickt ihr ihn nach Tanga gestern mit der Post*. Tuisahihishe kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza ni kufunga mabano. *Geschickt* iende mwisho: *Juma hat … geschickt*.

Hatua ya pili ni kuuliza ni kipi kinachoshikamana na kitenzi. Barua inapelekwa Tanga. Ni mahali pa kuelekea. Basi: *Juma hat … nach Tanga geschickt*. Tukikanusha tunapata *nicht nach Tanga geschickt*, nasi tunaridhika.

Hatua ya tatu ni kuegemeza viwakilishi upande wa kushoto, mtendwa kwanza: *Juma hat ihn ihr … nach Tanga geschickt*.

Hatua ya nne ni kujaza nafasi iliyobaki, wakati kwanza kisha namna:

(8) Juma hat ihn ihr gestern mit der Post nach Tanga geschickt.

Ikiwa sentensi inaanza kwa *gestern*, Juma atahamia ndani ya uga, na hapo kuna uhuru kidogo: *Gestern hat Juma ihn ihr geschickt* na *Gestern hat ihn ihr Juma geschickt* zote zinakubalika. Lakini Juma akiwa kiwakilishi *er*, uhuru huo hutoweka. Ni lazima atangulie: *Gestern hat er ihn ihr geschickt*.

Mwalimu asahihishaye insha na ajiulize kwanza maswali mawili kabla ya kupitisha kalamu nyekundu: je, mahali hapa ni pa kuelekea au pa kutendea? Na je, kilichotangulia wakati ni kiwakilishi, au ni jambo ambalo wasomaji wanalijua tayari? Sentensi ya (1) ilistahili alama zake zote.