Onyo Kabla ya Maelezo: Kunyamaza Kunamlinda Mtuhumiwa Hadi Wapi?

Katika somo hili tunaangalia swali linaloulizwa mara nyingi vijijini: ndugu yetu akikamatwa na polisi, je, analazimika kujibu? Akikataa, nini kitafuata?

Onyo lenyewe

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka askari anayemshikilia mtu atimize mambo kadhaa kabla ya kumhoji. Kwanza ataje jina lake na cheo chake. Pili amweleze mtu huyo kwamba yuko chini ya ulinzi na kwa kosa gani. Tatu amwonye kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa la jina na anwani yake, na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo yanayoandikwa baada ya hapo ndiyo yanayoitwa maelezo ya onyo.

Sheria inasema pia kwamba onyo litolewe kwa lugha ambayo mtu anaifahamu vizuri, kwa maandishi na, inapowezekana, kwa mdomo. Jambo hili ni zito kwetu Ufipa. Bibi wa Mpui anayezungumza Kifipa, na Kiswahili cha sokoni tu, anaweza kuitikia "ndiyo" bila kuelewa kwamba ameruhusiwa kunyamaza. Kabla ya kuweka dole gumba, aombe asomewe yote kwa lugha anayoielewa.

Akikataa kujibu kituoni

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Laela anashukiwa kuiba ng'ombe wawili usiku. Kituoni anataja jina na anwani, kisha anasema hatajibu zaidi.

Kukataa huko si kosa, wala si kukiri. Mpelelezi anaweza kuandika kwamba aliulizwa na akakataa. Hana ruhusa ya kumpiga, kumtisha wala kumwahidi kumwachia ili aseme. Ungamo lazima liwe la hiari, na ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha hiari hiyo. Mtuhumiwa akidai mahakamani kwamba alilazimishwa, mahakama huchunguza kwanza dai hilo kabla ya kupokea maelezo yake.

Lakini kunyamaza hakumfungulii mlango wa kutoka. Polisi wataendelea kutafuta mashahidi, ngozi ya ng'ombe, au mnunuzi. Ushahidi huo ukitosha, atashtakiwa bila hata neno lake moja.

Kwa mtendaji ni tofauti

Hapa wengi hujikwaa. Kabla ya kufika kituoni, kijana huyo huenda alipelekwa kwanza ofisi ya kijiji, akaulizwa mbele ya mtendaji na majirani. Utaratibu wa onyo tulioueleza umewekwa kwa ajili ya polisi. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani imesema kwamba ungamo la mdomo lililotolewa kwa hiari mbele ya mashahidi wa kuaminika, hata kama ni raia wa kawaida, linaweza kutosha kumtia mtu hatiani. Aliyenyamaza kituoni baada ya kusema yote kijijini amechelewa.

Jambo lisilofaa kufichwa

Tuseme usiku ule kijana alikuwa msibani Mpui, na watu walimwona. Mtu anayejitetea kwamba alikuwa mahali pengine anatakiwa kuiarifu mahakama na upande wa mashtaka kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Kama hakufanya hivyo, atoe maelezo hayo kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Akilitoa jambo hilo mwishoni kabisa, mahakama ina hiari ya kutolipa uzito wowote. Kwa hiyo ndugu zake waandike mapema majina ya waliokuwa msibani.

Kunyamaza mahakamani

Mahakama ikiona kuna kesi ya kujibu, humweleza mshtakiwa haki yake ya kujitetea. Hapo pia anaweza kunyamaza, ila sheria inairuhusu mahakama kuutafsiri ukimya huo dhidi yake, na waendesha mashtaka wanaweza kuuzungumzia. Hata hivyo, ukimya hauzibi pengo la ushahidi. Kama hakuna aliyemwona na ng'ombe hawakupatikana, hawezi kutiwa hatiani kwa sababu tu hakusema.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika usharika wetu, nani anaweza kumsomea mzee maelezo yake kwa Kifipa kabla hajaweka dole gumba?
2. Kijana akiitwa ofisi ya kijiji kwa tuhuma, nani atamweleza kwamba anayoyasema pale yanaweza kufika mahakamani?
3. Kwa nini kunyamaza kituoni na kunyamaza mahakamani hakuna matokeo yanayofanana?