Kazi imeisha Ijumaa, imeili bado iko kwenye simu: tulijibu vipi swali hili?

Wanafunzi wenzangu wa sheria, kuna aina ya swali ambalo tukilikuta kwenye mtihani wengi tunalirukia. Tunaandika "kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, ana hatia", tunapiga mstari, tunahamia swali la pili. Maksi zinapotoka tunamlaumu mwalimu. Na swali lenyewe si la kitabuni tu, maana wengi wetu tukimaliza fildi tunaondoka na imeili ya ofisi ya watu ikiwa wazi kwenye simu zetu.

Tuchukue mfano wa kutunga. Kampuni K iko Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na kazi yake ni kuuza vifaa kwa wenye migodi. Bwana A alikuwa ofisa manunuzi. Imeili ya idara waliitumia wawili, yeye na mhasibu, kwa nywila moja. Ijumaa tarehe 1 Machi 2024 aliachishwa kazi. Barua ilimtaka arudishe funguo na kitambulisho. Kuhusu imeili haikusema neno. Nywila haikubadilishwa, na simu yake ilibaki imeunganishwa.

Tarehe 5 Machi mhasibu alimpigia: "Kaka A, samahani, hebu nitafutie ile ankara ya mabomba, siioni." Akaifungua imeili, akaituma. Tarehe 14 Machi usiku akaifungua tena, safari hii bila kuombwa na mtu. Akasoma bei ambazo kampuni ilikuwa inaandaa kwa zabuni ya nyaya, akafuta ujumbe miwili. Kesho yake kampuni ikabadilisha nywila. Tarehe 18 akamwomba rafiki yake aliyebaki ofisini ampe nywila mpya, akapewa, akaingia.

Sheria yetu ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015. Kwa namba ilizotungwa nazo, kifungu cha 4 kinakataza mtu kwa makusudi na kinyume cha sheria kuingia, au kusababisha kuingiwa, kwenye mfumo wa kompyuta. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu au mara tatu ya faida aliyoipata, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu cha 5 ndicho tunachokisahau. Kinamhusu mtu aliyeruhusiwa kuingia, muda wake ukaisha, lakini akabaki ndani au akaendelea kutumia.

Sasa tuzichambue tarehe moja moja, maana kila moja ina jibu lake.

Tarehe 5 Machi hakuna kosa. Ruhusa ya awali ilitokana na ajira, na ajira ilishakufa, lakini hapa aliombwa na mtu wa ndani afanye jambo moja, akalifanya. Upande wa mashtaka unaweza kudai kwamba mhasibu hakuwa na mamlaka ya kutoa ruhusa. Hata hivyo, kama A aliamini kwa dhati kwamba amekubaliwa, nia ya kutenda kinyume cha sheria haipo. Na zile taarifa za imeili zilizokuwa zikiita zenyewe kwenye simu tangu tarehe 1? Simu kupokea peke yake, bila mwenyewe kufungua, ni vigumu kuita makusudi.

Tarehe 14 mambo yanabadilika. Wakili wa A atasema: "Mteja wangu hakuvunja chochote, hakuandika hata nywila, mlango ulikuwa wazi." Hoja hiyo inapendeza masikioni lakini haibebi. Kifungu cha 3 kinatafsiri kuingia kwa upana sana, hata kuchukua data kutoka kwenye mfumo kumo. Sheria haidai kufuli livunjwe. Inauliza kama ulikuwa na ruhusa. Ombi la tarehe 5 lilikuwa la ankara moja na liliishia pale. Kwa kuwa simu haikuwahi kutolewa kwenye akaunti, kifungu cha 5 ndicho kinachomkaa vizuri zaidi, na mwendesha mashtaka makini ataweka cha 4 na cha 5 kama mashtaka mbadala. Ule ujumbe miwili aliofuta unaongeza kosa jingine chini ya kifungu cha 7, kinachokataza kufuta data ya watu. Ukimya wa ile barua unaweza kumpunguzia adhabu, lakini haumpi ruhusa.

Tarehe 18 ndiyo rahisi kuliko zote. Nywila ilipobadilishwa, kampuni ilisema wazi "hapana". Marekani walishakutana na jambo kama hili katika shauri la Marekani dhidi ya Nosal. Nosal aliacha kazi Korn/Ferry, kampuni ya kutafutia watu wakubwa ajira, na ruhusa yake ikafutwa. Wenzake wakatumia nywila ya aliyekuwa msaidizi wake, ambaye bado alikuwa kazini, kuchota data. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ilithibitisha hatia yake: kampuni ikishakufungia mlango, mfanyakazi aliyebaki ndani hawezi kukufungulia kwa nywila yake. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu ila unaweza kuzishawishi. Na rafiki wa A asijione salama, kwa sababu kifungu cha 4 kinamgusa pia anayesababisha mfumo uingiwe.

Hadi hapo tumejibu nusu. Nusu nyingine ni ushahidi, na huko ndiko kesi hizi huanguka. Tuseme kampuni ilileta kumbukumbu hii:

```
2024-03-14T20:42:10Z  LOGIN_OK    203.0.113.57  Android
2024-03-14T20:47:33Z  MSG_DELETE  203.0.113.57  Android
```

Herufi Z maana yake ni saa za UTC. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 20:42 ni saa 5:42 usiku kwetu. Shahidi akisema "saa mbili na dakika arobaini na mbili usiku", na A akaleta mashahidi kwamba muda huo alikuwa kwenye kikao cha harusi, kesi imeyumba kwa uzembe tu. Pili, anwani ya IP si mtu. Kwenye data za simu, wateja wengi hutumia anwani moja kwa wakati mmoja, na ukiitafuta kwenye ramani inaweza kuonyesha Dar es Salaam wakati mwenye simu yuko Bugarama. Lazima polisi wapate kumbukumbu za kampuni ya simu, wazioanishe na laini, kisha na simu yenyewe. Tatu, nywila ilikuwa ya watu wawili. Nani atakataa kwamba mhasibu ndiye aliyefuta?

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya 2015, hakiruhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na mtumaji alivyotambuliwa. Picha ya skrini iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp haifiki mbali.

Kwa hiyo jibu langu: tarehe 5 hana kosa, tarehe 14 ana kesi ya kujibu, ila bila simu yake na kumbukumbu za laini shaka inabaki, na shaka ni ya mshtakiwa, tarehe 18 ana hatia iwapo rafiki atatoa ushahidi. Na wewe uliyemaliza fildi mwezi uliopita, fungua simu yako uitoe ile akaunti ya ofisi leo.