Sauti ya Runinga Inapokatakata Kwenye Bluetooth

Runinga nyingi zilizomo majumbani hazina Bluetooth ya kwao, au zinayo lakini haitoi sauti. Ndiyo maana watu hununua transmita, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la hedifoni nyuma ya runinga na kupata umeme wake kwenye tundu la USB. Mara nyingi anayeihitaji ni mzee ambaye masikio yamepungua nguvu, anayetaka kuisikia taarifa ya habari vizuri bila nyumba nzima kupigiwa kelele. Sauti ikianza kukatakata, mtu wa namna hiyo hupoteza maneno yote. Kwa hiyo inafaa kulitafuta kosa kwa mpangilio, badala ya kukimbilia dukani kununua transmita nyingine.

Kwanza ieleweke sauti inasafiri vipi. Transmita huikata sauti vipande vidogo, huvibana, kisha huvirusha hewani kimoja kimoja. Hedifoni huvipokea na kuweka akiba kidogo kabla ya kuvicheza. Kipande kikipotea njiani, hedifoni haithibitishi kukipokea, na transmita hukituma tena. Kikifika kabla akiba haijaisha, husikii kitu. Akiba ikiisha mapema, ndipo unapopata ule ukimya mfupi tunaouita kukatakata. Kwa hiyo kuna maswali mawili tu: je, njia ya hewani ni mbovu kiasi cha kupoteza vipande vingi? Au mzigo ni mzito na akiba ni ndogo mno kwa njia hiyo? Swali la kwanza ni la umbali na vizuizi. La pili ni la kodeki, yaani mfumo wa kubana sauti ambao transmita na hedifoni hukubaliana kuutumia.

Hatua ya 1: Jua unalalamikia nini

Kukatakata na kuchelewa ni matatizo mawili tofauti, ingawa watu huyataja kwa jina moja. Mtazame msomaji wa habari mdomoni. Ikiwa maneno yanafika yote lakini mdomo umeshatangulia, sauti inachelewa. Ikiwa maneno yanaruka au silabi zinamezwa, sauti inakatika. Unaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja, na dawa ya moja wakati mwingine huzidisha la pili, kama tutakavyoona.

Kisha chomeka hedifoni yoyote ya waya moja kwa moja kwenye tundu la runinga na usikilize kwa dakika chache. Sauti ikikatika hata hapo, kosa liko kwenye king'amuzi, antena au intaneti, na transmita haina hatia.

Hatua ya 2: Jaribio la mita moja

Chaji hedifoni hadi ijae. Zima Bluetooth ya simu yako na simu za wote waliowahi kuziunganisha na hedifoni hizo, kwa sababu hedifoni nyingi siku hizi hushika vifaa viwili kwa wakati mmoja, na simu iliyo mfukoni inaweza kuidai nafasi yake hewani. Sasa kaa mita moja kutoka kwenye transmita, ukiiona kwa macho, bila kitu katikati. Ikiwa imefichwa nyuma ya runinga, ichomoe na uishike mbele hata kama waya unafika kwa taabu. Sikiliza kwa dakika kumi.

Sauti ikitulia, tatizo lako ni njia. Nenda hatua ya 3. Ikiendelea kukatika hata hapo, jaribu umeme kabla ya kitu kingine: chomoa USB kwenye runinga na uiweke kwenye chaja ya simu ukutani. Baadhi ya matundu ya USB ya runinga hutoa umeme hafifu au usiotulia, na transmita hujizima na kujiwasha kwa muda mfupi kiasi kwamba unadhani ni mawimbi yanayopotea. Taa yake ikimulika upya kila sauti inapokatika, hiyo ni dalili nzuri. Kama umeme ni mzima, nenda moja kwa moja hatua ya 4.

Hatua ya 3: Safisha njia

Boksi la transmita likiandikwa mita 30 au hata 100, usilichukulie kama ahadi ya sebuleni kwako. Vipimo hivyo ni vya uwanja wazi. Tena mazungumzo haya ni ya pande mbili: hata transmita ikiwa na nguvu nyingi, hedifoni lazima ijibu kila mara kwamba imepokea, na redio ya hedifoni ni ndogo. Kwa kawaida hedifoni hutengenezwa kwa umbali wa mita kumi hivi. Jibu lisipofika, transmita huhesabu kipande kimepotea na kukirudia bure.

Mwizi mkubwa wa mawimbi ni runinga yenyewe. Nyuma yake kuna bamba la chuma, na ikiwa imetundikwa ukutani, transmita inabaki imebanwa kati ya chuma na tofali. Nunua waya wa kurefusha wa tundu la hedifoni na wa USB, wa mita moja unatosha, kisha itoe transmita ije chini au pembeni ya runinga, ielekee mahali msikilizaji anapokaa. Katika sebule nyingi hatua hii peke yake inamaliza kazi.

Mwizi wa pili ni ruta. Bluetooth na waifai ya kawaida hutumia eneo moja la mawimbi, gigahezi 2.4. Bluetooth hurukaruka kati ya chaneli nyingi ndani ya eneo hilo na kujaribu kuzikwepa zenye kelele, lakini ruta ikiwa sentimita 20 kutoka hapo, na watoto wakipakua video, nafasi ya kukwepea hubaki finyu. Isogeze ruta mita moja au mbili. Kama ruta yako ina gigahezi 5, hamishia huko simu na runinga. Oveni ya maikrowevu nayo huvuruga eneo hilohilo, kwa hiyo sauti ikikatika wakati chakula kinapashwa moto tu, umeshajua sababu.

Mwizi wa tatu ni mwili wa mtu. Mwili umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi haya. Jaribu kugeuka: ikiwa sauti inakatika ukiipa runinga mgongo na inarudi ukiitazama, upo ukingoni mwa umbali wa hedifoni zako. Kuta za tofali za saruji hupunguza sana, na nondo na mabati huzuia zaidi. Usitegemee kusikia hadi jikoni ikiwa kuna ukuta wa nondo katikati.

Hatua ya 4: Linganisha kodeki

Kila kifaa cha Bluetooth cha kusikilizia muziki hujua kodeki moja ya lazima, `SBC`. Juu yake watengenezaji huongeza nyingine: `AAC`, inayotumiwa na iPhone, `aptX` na ndugu zake, `LDAC`. Transmita na hedifoni zikiunganishwa, hutafuta zinayoijua zote mbili. Zisipopata, hurudi kwenye `SBC`. Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotea. Unanunua transmita iliyoandikwa `aptX Low Latency`, ukidhani utapata sauti isiyochelewa, kumbe hedifoni zako hazijui neno hilo, na unachosikia ni `SBC` ileile.

Soma boksi la transmita, kisha soma la hedifoni, uandike orodha mbili kwenye karatasi. Boksi likiwa limepotea, unganisha hedifoni na simu ya Android. Ingia kwenye mipangilio, gusa `Build number` mara saba, kisha fungua `Developer options` na utafute `Bluetooth audio codec`. Zinazochagulika ndizo ambazo simu na hedifoni zinakubaliana. Iliyofifia haihukumu hedifoni peke yake, kwani huenda ni simu isiyoijua. Baadhi ya transmita pia huonyesha kodeki inayotumika kwa rangi ya taa; tazama karatasi ya maelezo.

Kutolingana kwa kodeki kwa kawaida huleta ucheleweshaji. `SBC` huchelewesha sauti mara nyingi kwa milisekunde kati ya 150 na 250, na mdomo unaonekana wazi umetangulia. Kukatakata huja kwa njia nyingine: kodeki ikiwa imelingana, lakini haifai kwa njia uliyo nayo. `aptX Low Latency` hufika chini ya milisekunde 40 kwa sababu akiba yake ni ndogo mno, na akiba ndogo haitoi muda wa kurudia vipande vingi vilivyopotea. `LDAC` ikipanda hadi kilobiti 990 kwa sekunde, mzigo ni mara tatu ya `SBC`, na hewa ya sebule yenye ruta haiubebi. Kama transmita yako ina kitufe cha kuchagua, shusha `LDAC` hadi 330, au zima kodeki ya ucheleweshaji mdogo kisha usikilize. Kukatika kukiisha, umepata jibu.

Wanaosikiliza wawili kwa transmita moja wajue kwamba inatuma mikondo miwili kwa redio moja. Ondoa hedifoni za pili kabla ya kulaumu chochote.

Mfano wa nyumba moja

Tuseme mzee wa Tanga ana runinga ya inchi 43 ukutani, transmita imebanwa nyuma yake, na ruta imekaa juu ya king'amuzi. Yeye huketi mita nne. Transmita inajua `SBC`, `aptX` na `aptX Low Latency`. Hedifoni, zilizonunuliwa kwa ajili ya simu, zinajua `SBC` na `AAC` tu. Sauti inakatika na inachelewa.

Mita moja, transmita ikiwa mkononi: hakuna kukatika. Basi ni njia. Waya wa kurefusha unaileta transmita chini ya runinga, ruta inahamia upande wa pili wa chumba, na kukatika kunakoma penye kiti chake. Lakini mdomo bado unatangulia, kwa sababu orodha mbili zinakutana kwenye `SBC` pekee. Kuhangaika na menyu ya runinga hakutasaidia: ile sehemu ya kurekebisha sauti kwa kawaida huweza kuichelewesha zaidi, haiwezi kuiwahisha. Kubadili transmita nako hakutafaa, maana yenye upungufu ni hedifoni.

Ana njia mbili. Anunue hedifoni zenye `aptX Low Latency`, ambazo ni chache sokoni, kwa hiyo aangalie jina hilo kamili kwenye boksi. `aptX` tupu si kitu kimoja nayo. Au anunue seti ya transmita na hedifoni zinazouzwa pamoja kwa ajili ya runinga, ambazo kodeki zake zimeshalinganishwa kiwandani. Kwa vyovyote, aendelee kuketi ndani ya mita tano akiiona transmita. Kama anapenda kutembea hadi barazani huku anasikiliza, abaki na `SBC`, avumilie mdomo kutangulia, na asikie kila neno.