Yai Dogo, la Kadiri na Kubwa: Mapishi Huhesabu Lipi?

Ukinunua trei ya mayai sokoni, mara nyingi utapata makubwa na madogo yamechanganywa, na bei ni moja. Ukiyakaanga ya chai ya asubuhi, tofauti hiyo haina shida. Lakini anayeoka keki za kuuza huiona haraka, kwa sababu karatasi ya mapishi inasema tu "mayai 4" bila kueleza ni mayai ya ukubwa gani.

Tuanze na uzani. Kwa madaraja yanayotumiwa na Idara ya Kilimo ya Marekani, yai dogo lina takriban gramu 43 pamoja na ganda, la kadiri gramu 50, na kubwa gramu 57. Ganda huchukua kama sehemu moja ya nane ya uzani huo. Ukishalivunja, kinachobaki bakulini ni gramu 38 kwa yai dogo, 44 kwa la kadiri na 50 kwa kubwa.

Protini na mafuta hufuata uzani huo. Yai dogo lina karibu gramu 4.8 za protini na 3.6 za mafuta. La kadiri lina 5.5 za protini na 4.2 za mafuta, na kubwa lina 6.3 na 4.8. Kwa hivyo yai kubwa halina lishe ya aina tofauti. Lina chakula zaidi tu. Karibu mafuta yote yamo kwenye kiini, ilhali protini imegawanyika, ute ukibeba zaidi ya nusu. Watu wengi husema kiini cha rangi ya machungwa kina nguvu zaidi, lakini rangi hiyo hutokana na alichokula kuku, kama majani mabichi au mahindi ya manjano. Haikuelezi kiasi cha protini.

Hesabu hii inasaidia pia kwenye bei. Yai kubwa lina chakula kwa theluthi moja zaidi ya dogo. Tuseme dogo linauzwa shilingi 12. Basi kubwa linastahili takriban shilingi 16. Ukilipata kwa 15, chukua kubwa. Likiwa 18, madogo ndiyo yenye faida.

Sasa turudi jikoni. Mapishi ya Marekani yasipotaja ukubwa, huwa yanamaanisha yai kubwa, yaani gramu 50 bila ganda. Uingereza majina ni yale yale lakini mizani ni tofauti: yai la kadiri huko ni la gramu 53 hadi 63 pamoja na ganda, kwa hivyo "la kadiri" la Mwingereza ndilo "kubwa" la Mmarekani. Usifuate jina, fuata gramu.

Chukua keki ya kawaida ya unga gramu 225, sukari gramu 225, majarini gramu 225 na mayai 4. Mapishi hayo yanategemea gramu 200 hivi za yai lililovunjwa. Ukitumia mayai manne madogo, kama yale ya kienyeji au ya kuku wanaoanza kutaga, unapata gramu 152 tu. Umepungukiwa na gramu 48, na hilo ni zaidi ya yai zima dogo. Rojo litakuwa zito, litadondoka kijikoni kwa mabonge, na keki itatoka kavu na kumomonyoka kisu kikipita. Wengi hapo hulaumu unga au kuongeza hamira ya keki, na haisaidii. Weka mayai matano madogo upate gramu 190, kisha ongeza kijiko kidogo au viwili vya maziwa.

Anayeongeza mayai kwa kubahatisha naye hupata shida kinyume chake: keki inakuwa kama mpira na kunukia yai.

Njia ya waokaji wa zamani ni rahisi zaidi ukiwa na mizani. Pima mayai yako manne yakiwa na maganda. Yakitoa gramu 172, basi weka unga gramu 172, sukari kiasi hicho hicho na majarini kiasi hicho hicho. Keki itakuwa ndogo kidogo, lakini itafura sawasawa, na chombo cha kuokea nacho kiwe kidogo.

Bila mizani, tumia kijiko cha mezani cha kupimia. Yai kubwa likipigwa hujaza vijiko vitatu na kitu kidogo, yai dogo hujaza viwili na nusu. Mapishi yakitaka nusu yai, lipige kwanza ute na kiini vichanganyike, ndipo upime; ukimimina bila kupiga, utapata ute mtupu na mafuta yote yatabaki bakulini.