Tasnifu Ikiharibika Inapogeuzwa PDF: Tafuta Tofauti ya Kwanza

Kila muhula unapofika wa kukabidhi tasnifu, malalamiko huwa ni yale yale. Kazi ilikuwa safi kwenye Word, lakini ilipogeuzwa kuwa PDF picha zimehama, mistari ya Kiarabu imekatika pengine, na ukibonyeza orodha ya yaliyomo hakuna kinachotokea. Wengi huanza kurekebisha kwa mkono. Hapa wanavuta picha, pale wanaongeza mstari mtupu, kisha wanageuza tena na kukuta kurasa nyingine zimevurugika. Makala hii inaeleza jinsi ya kutafuta chanzo kabla ya kugusa chochote.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Mwanafunzi ameandika tasnifu ya kurasa 62 kuhusu sherehe ya kitabu cha fiqhi. Maelezo yake yako kwa Times New Roman saizi 12, na nukuu za Kiarabu ziko kwa Traditional Arabic saizi 18. Ndani mna picha 4 za kurasa za mswada wa mkono, na tanbihi zenye anwani za maktaba za mtandaoni. Ameibeba faili ya Word kwenye flashi hadi steshenari iliyo karibu na chuo, wakampa PDF. Imetoka kurasa 64. Picha ya kwanza ya mswada iko chini ya kichwa kisichoihusu, orodha ya yaliyomo imekufa, na baadhi ya anwani kwenye tanbihi zinafunguka huku nyingine zikileta ujumbe kwamba ukurasa haupo.

Anza na tofauti ya kwanza, si kubwa zaidi

Jicho hukimbilia picha iliyohama kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini maandishi kwenye Word ni kama maji katika mfereji: mstari mmoja ukiongezeka juu, kila kilicho chini husukumwa. Kwa hiyo weka faili mbili sambamba, ya Word na ya PDF, uanze ukurasa wa 1. Kwa kila ukurasa tazama neno la mwisho la ukurasa tu. Yakilingana, songa mbele. Pale yanapotofautiana kwa mara ya kwanza, simama na usome ukurasa huo mstari kwa mstari.

Katika mfano wetu kurasa 8 za mwanzo zinalingana kabisa. Ukurasa wa 9 una nukuu ndefu ya Kiarabu. Kwenye Word ilichukua mistari 2, na kwenye PDF imechukua 3. Mstari huo mmoja umesukuma mstari wa mwisho wa ukurasa hadi ukurasa wa 10. Ukurasa wa 11 ulikuwa unaishia na paragrafu fupi, na paragrafu hiyo sasa imeangukia ukurasa wa 12. Picha ya mswada ilikuwa imefungwa kwenye paragrafu hiyo, ikaifuata.

Kumbe picha haikuhama yenyewe. Word huifunga kila picha inayoelea kwenye paragrafu fulani. Ukibonyeza picha huku alama za uandishi zikiwa zimewashwa kwa Ctrl+Shift+8, utaona nanga ndogo kando ya paragrafu hiyo. Nanga ikihamia ukurasa mwingine, picha nayo huhama, hata kama umechagua `Fix position on page`. Chaguo hilo hushikilia mahali pa picha ndani ya ukurasa, lakini haliizuii kwenda ukurasa mwingine pamoja na nanga yake.

Jinsi mistari inavyokatika hukuambia chanzo

Sasa swali ni kwa nini nukuu ilipata mstari wa tatu. Tazama kwanza mistari ya kawaida, isiyo ya Kiarabu. Kama kila mstari tangu ukurasa wa 1 ungeishia na neno jingine, ungeshuku karatasi au fonti kuu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Ile iitwayo Letter ina 216 kwa 279. Mashine ikibadilisha moja kwa nyingine, mstari huwa mpana zaidi na ukurasa mfupi zaidi, na hakuna ukurasa wa maandishi unaosalimika.

Katika mfano wetu mistari ya kawaida haikuguswa. Iliyobadilika ni ya Kiarabu peke yake. Hiyo ni dalili ya fonti moja kukosekana. Tangu Windows 10, Traditional Arabic si lazima iwemo ndani ya kila kompyuta. Imewekwa katika fungu la hiari liitwalo Arabic Script Supplemental Fonts, pamoja na Sakkal Majalla, Simplified Arabic na nyinginezo. Mwenye kuongeza lugha ya Kiarabu kwenye Windows ili apate kibodi yake huletewa fungu hilo pia. Mwanafunzi wetu alifanya hivyo siku nyingi, akasahau. Kompyuta ya steshenari haina Kiarabu, kwa hiyo Word ilichukua fonti nyingine yenye herufi za Kiarabu bila kuuliza. Herufi za Traditional Arabic ni ndogo kwa saizi yake. Fonti iliyoshika nafasi yake kwa saizi hiyo hiyo ya 18 ni pana zaidi, na mstari ukajaa mapema.

Usikubali maelezo haya bila kuyathibitisha. Fungua PDF kwa Adobe Acrobat Reader, nenda kwenye ukurasa wenye Kiarabu, bonyeza Ctrl+D kisha `Fonts`. Kama Traditional Arabic haimo katika orodha na jina jingine limeshika nafasi, jibu umelipata. Anayetumia Linux, au aliyeweka zana za Poppler, aandike hivi:

```
pdffonts tasnifu.pdf
pdfinfo tasnifu.pdf
```

Amri ya kwanza huorodhesha fonti. Safu ya `emb` ikisema `yes`, fonti imepachikwa ndani ya faili na itaonekana vile vile kwenye mashine yoyote. Amri ya pili huonyesha ukubwa wa karatasi kwenye mstari wa `Page size`. Takribani 595 kwa 842 ni A4, na 612 kwa 792 ni Letter.

Viungo vina kisa chao

Kosa la kawaida ni kudhani kila kilichoharibika siku moja kina chanzo kimoja. Fonti hubadilisha upana wa mstari, lakini haiwezi kuua kiungo. Viungo hupotea kwa sababu ya njia iliyotumika kutengeneza PDF. Ukipitia `Print` na kuchagua Microsoft Print to PDF, Word huona inaongea na printa. Printa hupokea wino na karatasi tu, na kiungo si wino. Ukipitia `Save As` na kuchagua PDF, Word huandika faili yenyewe na kubeba viungo ndani yake.

Lakini mbona baadhi ya anwani zinafunguka? Kwa sababu programu nyingi za kusomea PDF hubahatisha. Zikiona maandishi yanayofanana na anwani ya mtandao, huyafanya kiungo hata kama ndani ya faili hakuna kitu. Anwani fupi iliyokaa kwenye mstari mmoja hufunguka vizuri. Anwani ndefu iliyokatika na kuendelea mstari wa pili mara nyingi husomwa nusu, na nusu anwani hukupeleka pasipo na ukurasa. Ndiyo maana usipime viungo kwa kubonyeza anwani. Bonyeza orodha ya yaliyomo, kwa kuwa maneno kama "Sura ya Pili" hayafanani na anwani na programu haiwezi kuyabahatisha. Yakikaa kimya, viungo havimo. Kwa toleo jipya la Poppler, amri `pdfinfo -url tasnifu.pdf` huorodhesha anwani zilizo viungo vya kweli tu.

Jaribio la faili nne

Ili kuwa na hakika, tengeneza PDF nne kutoka faili moja ya Word, ukibadilisha jambo moja kila mara. Nyumbani tumia `Save As`, kisha `Print`. Steshenari fanya vile vile. Katika mfano wetu, faili ya nyumbani kwa `Save As` ina kurasa 62 na viungo hai. Ya nyumbani kwa `Print` ina kurasa 62, lakini viungo vimekufa. Ya steshenari kwa `Save As` ina kurasa 64 na viungo hai. Ya steshenari kwa `Print` imeharibika kote kuwili. Hapo inadhihirika kwamba vyanzo ni viwili na havitegemeani: mashine ilibadilisha mistari, na njia iliua viungo. Aliyerekebisha kimoja akaona tatizo bado lipo angedhani amekosea, kumbe amepatia nusu.

Tiba

Tiba bora ni kugeuza PDF kwenye mashine ile ile uliyoandikia, kwa `Save As`. Kabla ya kuhifadhi, fungua `Options` uweke alama kwenye `Create bookmarks using` na uchague `Headings`, ili msimamizi wako apate vichwa vya sura kando ya ukurasa. Steshenari uipelekee PDF, usiipelekee faili ya Word.

Ukilazimika kufungua Word kwenye mashine nyingine, yapo mambo mawili ya kufanya. Kwenye mashine yako, nenda `File`, `Options`, `Save`, uweke alama kwenye `Embed fonts in the file`. Zipo fonti ambazo leseni zake hazikubali kupachikwa, kwa hiyo kwenye mashine ile ya pili fungua `File`, `Options`, `Advanced`, ubonyeze `Font Substitution`. Hapo utaona kama kuna fonti inayokosekana na ipi imeshika nafasi yake, kabla hujalipia kuchapisha.

Kuhusu picha, iliyo muhimu kwa hoja yako iweke `In Line with Text`. Itakaa ndani ya mstari kama herufi kubwa, na haitapita juu ya maandishi ya sura nyingine. Paragrafu ya picha ipe `Keep with next` ili isiachane na maelezo yake ya chini. Tahadhari moja: kama nafasi ya mistari ya paragrafu hiyo ni `Exactly`, picha itakatwa na kubaki ukanda mwembamba. Ibadilishe iwe `Single`.

Mwisho, ondoa mistari iliyokatwa kwa mkono, yaani Shift+Enter, ndani ya nukuu za Kiarabu. Wengi huiweka ili nukuu ikatike mahali pazuri. Hupendeza kwenye fonti moja tu. Upana ukibadilika, unabaki na mstari uliojaa unaofuatwa na mstari wa neno moja. Ukiona umbo hilo kwenye PDF, usiishuku programu ya kugeuza. Washa alama za uandishi kwenye Word, na utaona mshale mdogo uliopinda pale pale mstari ulipokatika.