SOMO LA AFYA: SIKIO LA MTOTO LINAPOUMA

Mtoto anaposhika sikio na kulia usiku wa manane, wazazi hujiuliza jambo moja: je, hili ni jambo la kupita, au ni ugonjwa wa kupelekwa zahanati? Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kulijibu swali hilo kwa kutazama ishara, wala si kwa kubahatisha.

Kwanza tuelewe sikio lilivyo. Ndani ya tundu la sikio kuna kiwambo chembamba kilichowambwa kama ngozi ya ngoma, na nyuma yake kuna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua na koo kwa mrija mwembamba. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama, lakini kwa mtoto ni mfupi na umelala karibu sawa. Kwa hiyo mtoto akipata mafua, mrija huvimba na kuziba upesi, maji hukusanyika chumbani, na vijidudu vya ugonjwa hustawi humo. Usaha ukiongezeka husukuma kile kiwambo kwa nguvu, na hapo ndipo maumivu makali hutokea.

Ukielewa hivyo, utaona kwa nini swali la kwanza halihusu sikio, bali siku zilizotangulia. Je, mtoto alikuwa na mafua au kikohozi siku chache kabla? Ugonjwa wa chumba cha ndani kwa kawaida hufuata mafua. Mtoto asiyekuwa na mafua, asiye na homa, anayecheza na kula vizuri, hata kama anavuta sikio mara kwa mara, mara nyingi hana ugonjwa humo. Watoto wadogo huvuta masikio wanapoota meno, wanaposikia usingizi, au kwa mchezo tu. Kuvuta sikio peke yake si ushahidi.

Swali la pili: maumivu yanakuja pamoja na nini? Hapa tutazame mambo matatu. La kwanza ni homa; kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, tuwe macho. La pili ni usingizi. Mtoto akilazwa, msukumo ndani ya sikio huongezeka, kwa hiyo atalia akilala na kutulia kidogo akibebwa wima. La tatu ni kunyonya na kula. Kunyonya na kumeza husogeza hewa katika ule mrija, na mtoto mwenye ugonjwa huanza kunyonya kwa njaa, kisha huachia ziwa ghafla na kulia. Wengine hutapika au kuharisha, hata wazazi wakadhani ugonjwa uko tumboni.

Swali la tatu: maumivu yako wapi hasa? Bonyeza polepole kile kinundu kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio. Mtoto akiruka kwa maumivu, huenda shida iko katika njia ya nje, kama vile jipu, au uvimbe baada ya kuogelea. Hilo nalo lataka dawa. Na ikiwa sikio moja tu linasumbua, mtoto hana homa, na alikuwa akichezea maharage au shanga, fikiri kwamba ameingiza kitu. Usikichokoe kwa pini wala kijiti, maana utakisukuma ndani zaidi. Mpeleke kituo cha afya kikatolewe.

Sasa tuchukue mfano. Mtoto wa miaka miwili, mwenye uzito wa kilo 12, alianza mafua Jumapili. Jumatano usiku alilia kila alipolazwa, akakataa maziwa, na kipimajoto kikaonyesha nyuzi 38.7. Alfajiri ya Alhamisi akanyamaza ghafla, akalala fofofo. Bibi akasema, “Mwacheni mjukuu wangu alale, amepona.” Lakini mama alipogeuza mto aliona doa bichi la rangi ya manjano.

Je, mtoto huyu amepona? Hapana. Kiwambo kimetoboka, usaha umepata njia ya kutoka, na msukumo umepungua. Ndiyo maana maumivu yamekoma. Hili ndilo jambo tunalotaka kila mzazi alikumbuke: maumivu yakikoma na usaha ukaonekana, ugonjwa haujaisha, bali umejidhihirisha. Mama alifanya vema kumpeleka zahanati asubuhi ile ile.

Huko mganga alitazama sikio kwa taa yake ndogo, kwa maana kiwambo hakionekani kwa macho matupu. Alipapasa pia mfupa ulio nyuma ya sikio. Kisha akampa amoksisilini ya siku 5, na akaagiza arudishwe baada ya siku hizo. Kwa maumivu na homa alishauri parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Kwa kilo zake, mililita 5 kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Chupa hutofautiana, kwa hiyo soma karatasi ya chupa uliyo nayo.

Nyumbani mama alilikausha sikio mara tatu kwa siku. Alisokota kitambaa safi kinachofyonza maji kiwe kama utambi, akakiweka kwa upole mlangoni mwa sikio, akakitoa kilipolowa na kuweka kingine, hata kikatoka kikavu. Hakutia mafuta ya moto, wala maji ya kitunguu, wala maziwa ya mama, kwani kiwambo kikiwa kimetoboka vitu hivyo huingia moja kwa moja chumbani.

Si kila mtoto mwenye ugonjwa huu hupewa amoksisilini. Kwa mtoto aliyezidi miaka miwili, mwenye maumivu ya wastani na asiyetoka usaha, mganga anaweza kuamua kungoja siku mbili au tatu, kwa kuwa wengi hupona wenyewe. Uamuzi huo ni wake. Usimpe mtoto mabaki ya dawa ya ndugu yake.

Zipo ishara zisizongoja hata kupambazuke. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, hasa ukilisukuma sikio mbele, maana yake ugonjwa umeingia mfupani. Vivyo hivyo shingo kukakamaa, degedege, uso kupinda upande mmoja, kulala mno asiamshike, au kushindwa kunywa. Huyu apelekwe hospitali mara moja. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa naye asingojeshwe.

Mwisho, hesabuni siku. Usaha ukitoka kwa siku 14 au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu, nao hutibiwa kwa njia nyingine, hasa dawa ya matone pamoja na kukausha sikio. Mara nyingi sikio la namna hiyo haliumi, kwa hiyo husahauliwa. Mtoto huenda shuleni akisikia nusu ya maneno, na mwalimu akamwita mzito au mkaidi. Mtoto wa namna hiyo apimwe masikio kabla ya kukemewa.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini mtoto mwenye ugonjwa wa sikio hulia zaidi akilazwa?
2. Maumivu yakikoma ghafla na mto ukalowa, utafanya nini?
3. Utapapasa wapi ili kujua kama ugonjwa umeingia mfupani?